Kwa Nini Nilicheka Tangi la Jirani Lilipoanguka?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi wa kushona nguo hapa Walukuba, Jinja. Jirani yangu naye ni fundi. Tulijifunza kazi kwa bwana mmoja na tukafungua vibanda vyetu karibu wakati mmoja. Yeye alibahatika kupata kazi ya kushona sare za shule mbili, na tangu hapo majivuno yake hayana mpaka. Mwaka huu alinunua tangi la maji la lita 5,000, akalipandisha juu ya msingi wa matofali mbele ya nyumba yake, na kila tulipopita na jerikani zetu kwenda bombani alisema kwa sauti kwamba yeye na foleni wameshaagana.

Mvua za Aprili zilipokolea, msingi ule ulititia upande mmoja, tangi likaanguka usiku na maji yote yakaingia barazani kwake. Mtaa mzima ulitoka nje. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tulinyamaza ghafla tuliposikia mtoto akilia ndani, lakini ilipojulikana kwamba ameshtuka tu, kicheko kilirudi. Sasa wanagenzi wangu wanamwita Bwana Tangi, nami hufurahi kila ninapolisikia jina hilo.

Mke wangu anasema nina roho mbaya. Kinachonisumbua ni kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo upepo uliezua paa la mwalimu anayekaa mtaa huu huu, nami nilihuzunika kweli, nikaenda kumsaidia kupigilia mabati. Kwa nini basi nimcheke huyu? Je, mke wangu anasema kweli? Na nifanyeje sasa, maana jirani anakuja bombani na jerikani kama sisi?

Fundi, Walukuba

*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na huyo mwalimu, kwa sababu yeye, ingawa umemtaja kwa maneno machache tu, ndiye anayenizuia nisikubaliane na mkeo moja kwa moja. Mwenye roho mbaya kwa maana halisi hufurahia balaa popote linapotua, wala haangalii limemtua nani. Wewe ulipanda juu ya paa la mtu mmoja na nyundo mkononi, kisha ukamcheka mwingine. Furaha inayochagua namna hiyo ina sababu zake, na sababu hizo zimechunguzwa kwa muda mrefu na wataalamu wa saikolojia, somo ambalo nililifundisha katika chuo cha ualimu kabla sijastaafu.

Tuangalie kwanza umbali uliopo kati yako na yeye. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba watu huwaonea kijicho wale walio karibu nao kwa wakati, kwa mahali, kwa umri na kwa sifa, na akakumbusha msemo wa kale wa Wagiriki kwamba mfinyanzi hushindana na mfinyanzi. Mwaka 1954 Leon Festinger, mtaalamu wa Marekani, aliliweka jambo hilo katika nadharia: pale ambapo hakuna kipimo dhahiri cha kumwonyesha mtu uwezo wake, mtu hujipima kwa watu, na hupendelea kujipima kwa wale wanaomkaribia, si kwa wale waliomwacha mbali mno au walio chini yake sana. Tajiri wa Kololo akipoteza gari lake la thamani wewe utasoma habari hizo na kugeuza ukurasa, kwa kuwa maisha yake hayasemi lolote juu ya maisha yako. Mwalimu naye hashoni nguo, na paa lake halikuwa kipimo chako hata siku moja. Jirani yako, kwa upande mwingine, alikaa kwenye benchi moja nawe mbele ya bwana yule yule, akaanza pale ulipoanzia, na anashindania wateja wale wale. Kwa macho ya nafsi yako, yeye ni wewe mwenyewe ulivyoweza kuwa, na kila anachopata kinakuuliza kwa nini wewe hukukipata. Wahenga waliposema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, hawakuwa wakizungumza juu ya fahali na mbuzi.

Swali hilo linauma, na maumivu hayo ndiyo yaliyotangulia kicheko chako kwa miezi mingi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani wakiongozwa na Hidehiko Takahashi walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watu 19, ambao walilazwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo unapofanya kazi huku wakisoma habari za wanafunzi wa kubuniwa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amewazidi, na tena alifanana nao kwa jinsia, kwa malengo na kwa mwenendo wa maisha. Mwingine alikuwa amewazidi pia, lakini njia yake ilikuwa tofauti kabisa na yao. Wa tatu alikuwa mtu wa kawaida. Yule wa kwanza ndiye aliyeamsha kijicho zaidi, na walipomsoma, ilishtuka sehemu ya ubongo ambayo huhusika pia na maumivu. Baadaye waliambiwa kwamba mwanafunzi huyo amepatwa na mikosi, na hapo ikachangamka sehemu nyingine, ile ambayo huhusika na raha ya kupata zawadi. Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba wale ambao kijicho kiliwachoma zaidi mwanzoni ndio waliofurahi zaidi mwishoni. Watu 19 ni wachache, na mimi si mmoja wa wale wanaoamini kwamba picha ya ubongo humaliza mjadala, lakini uhusiano huo kati ya maumivu ya mwanzo na furaha ya mwisho unakubaliana na yale ambayo watafiti wengine wameyaona kwa kuwauliza watu maswali ya kawaida.

Kwa hiyo, ukitaka kujua ulipata nini usiku ule, jibu ni kwamba hukupata kitu; ulipunguziwa kitu. Mtu anayevua kiatu kilichombana kutwa nzima husikia raha kubwa ingawa hakuna alichoongezewa. Hesabu za kibanda chako zinathibitisha hivyo, kwa sababu kuanguka kwa tangi hakukukuletea hata shilingi moja wala mteja mmoja. Kama jirani angepokonywa kazi ya sare na wewe ukaipata, ungefurahi pia, lakini hiyo ingekuwa furaha ya mfanyabiashara aliyepata kazi, na isingehitaji kuandikiwa barua. Ya kwako ni ile isiyo na faida yoyote mfukoni, na ndiyo maana imekushangaza.

Hata hivyo, ukaribu peke yake hautoshi kueleza machozi ya kicheko. Nina hakika kuna mafundi wengine Walukuba wanaokuzidi kidogo, ambao hasara yao ingekufanya useme pole kwa dhati. Huyu aliongeza maringo, na maringo yana kazi yake maalumu katika jambo hili. Jens Lange na Jan Crusius wa Ujerumani walionyesha mwaka 2015 kwamba mafanikio yale yale huamsha hisia tofauti kutegemea namna mwenye mafanikio anavyojivuna. Anayeonyesha kwamba amefika kwa bidii huwatia wenzake hamu ya kujitahidi, wakati anayejionyesha kuwa yeye kwa asili ni bora huwatia kijicho kile cha kutaka ashuke. Pima sasa maneno ya jirani yako kwa mizani hiyo. Kama angesema kwamba aliweka akiba miaka mitatu ndipo akanunua tangi, huenda ungekwenda nyumbani ukapiga hesabu zako. Yeye alisema kwamba ameagana na foleni, nanyi mko kwenye foleni, na jerikani ziko mikononi mwenu. Maneno hayo hayakuwa juu ya maji. Yalikuwa yakiwagawa watu wa mtaa katika daraja mbili na kuwaambia ninyi mko katika ipi.

Hapo ndipo inapoingia chemchemi ya pili ya furaha yako, ambayo ni tofauti na kijicho na wala si ya aibu kama hicho. Norman Feather, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Flinders nchini Australia, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyopokea anguko la wakubwa, na akaona mara kwa mara kwamba swali kubwa ni kama aliyeanguka alistahili. Anayepatwa na jambo bila kosa lake huonewa huruma. Anayejiletea mwenyewe, au anayeanguka baada ya kuwatendea wenzake vibaya, huwaacha watazamaji na hisia ya kwamba mambo yamekaa sawa. Tangi la jirani yako lilitimiza masharti hayo kwa ukamilifu wa kutisha. Lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5. Mzigo wa namna hiyo juu ya matofali yaliyopangwa kwenye udongo unaolowa wakati wa mvua unahitaji msingi mpana, uliochimbwa na kushindiliwa vizuri, na nadhani kila aliyewahi kujenga hata choo katika mtaa wenu alikuwa ameutazama msingi ule kwa mashaka. Kilichoanguka, basi, ni kile kile alichojivunia, na kiliangushwa na pupa ile ile ya kutaka kionekane upesi. Kama tangi hilo lingepigwa na radi, au kama lingeibiwa, nina hakika kicheko cha mtaa kingekuwa kidogo sana.

Sasa umeona kwamba una vitu viwili vilivyochanganyika, yaani kijicho kilichotulizwa na haki iliyoonekana kutendeka, na kwa bahati mbaya mdomo hucheka kicheko kimoja tu kwa vyote viwili. Ningependa uvitenganishe, kwa sababu kila kimoja kina dawa yake. Namna ya kuvitenganisha ni kuirudia habari ile moyoni mwako huku ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kusikiliza kama furaha inabaki au inaondoka.

Badilisha kwanza tabia yake na uache mengine yote yalivyo. Chukulia kwamba ni yeye yule yule, fundi mwenzako mwenye kazi ya sare za shule mbili, lakini hajawahi kusema neno la kejeli kwa yeyote, na alikuwa akiwaruhusu watoto wa jirani kuchota maji kwake. Kisha tangi linaanguka. Kama bado unajisikia mwepesi moyoni, ujue kwamba kinachosema hapo ni kijicho, kwa maana kosa umeshaliondoa na furaha imebaki. Kisha irudishe tabia yake ya kejeli, lakini umbadilishe kazi, awe mwenye duka la dawa ambaye hajawahi kushindana nawe kwa lolote. Ukicheka bado, na wakati huu bila ule utamu wa ndani, hicho ni kicheko cha haki. Kubwa zaidi ni jaribio la tatu: mwache jirani alivyo na tangi lianguke, lakini kesho yake shule ya tatu impe kazi ya sare. Kama furaha ya usiku uliopita inafutika kabisa na kuacha uchungu, basi tangi lenyewe halikuwa na maana kubwa kwako, na ulichokuwa ukikipigania siku zote ni zile sare. Sitakubashiria majibu yako. Lakini barua yako ilitaja sare kabla ya tangi, nami nimekuwa msomaji wa barua kwa muda wa kutosha kujua kwamba watu huanza na kile kinachouma.

Kuhusu mtaa kutoka nje na kucheka pamoja, jambo hilo nalo ni tofauti na furaha ya mtu akiwa peke yake chumbani. Kicheko cha hadhara ni tendo, na tendo hilo lina matokeo. Lange, niliyemtaja hapo juu, pamoja na mwenzake Lea Boecker, waliandika mwaka 2019 kwamba furaha hii inapoonyeshwa mbele ya watu humpunguzia aliyejikweza ule ukubwa aliojipa. Mtaa wenu haukuwa na baraza la kumshtaki mtu kwa majivuno, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia usoni, kwa hiyo kicheko kilifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Katika vibanda vya kutazamia mpira mambo huwa hivyo hivyo. Shabiki wa Arsenal hupiga kelele Manchester United inapofungwa na timu ambayo yeye mwenyewe hawezi kutaja wachezaji wake watatu. Watafiti Colin Leach na Russell Spears na wenzao waliwachunguza Waholanzi juu ya kushindwa kwa Ujerumani, mahasimu wao wa miaka mingi, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2003 furaha ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wanaojali sana mpira na pale walipohisi kwamba timu yao wenyewe ni dhaifu. Kucheka kwa pamoja, kwa hiyo, hakumaanishi kwamba kijicho hakipo. Kunamaanisha tu kwamba kimepata wenzake wa kusimama nao.

Nirudi kwa mtoto aliyelia, kwa sababu hapo ndipo ninapopata jibu la mkeo. Furaha ya namna hii huishi vizuri katika mikosi midogo: tangi, kiatu kilichotumbukia matopeni, gari jipya lililokwama mtaroni. Balaa likizidi kipimo, au likimpata asiye na hatia, huruma huingia na kuifukuza. Ninyi mlinyamaza wote kwa pamoja bila mtu kuwaambia, kabla hamjajua lolote, na ukimya huo ulikuwa wa haraka kuliko mawazo. Mwenye roho mbaya hangenyamaza. Kicheko kiliporudi, kilirudi kwa sababu jambo lilikuwa limerudi kuwa dogo. Ningekuhofia kama ungeniandikia kwamba wakati wengine wamenyamaza wewe uliendelea kutabasamu gizani, au kwamba ulitamani kidogo kilio kile kiwe cha jambo kubwa zaidi. Ningekuhofia pia kama ungekuwa umewahi kufikiria kuutikisa msingi ule kwa mikono yako. Kati ya kufurahia kilichotokea chenyewe na kukisababisha kuna hatua, na wewe hukuipiga.

Mwambie mkeo pia kwamba hisia hii huanza mapema mno kuwa tabia ya waovu peke yao. Simone Shamay-Tsoory na wenzake wa Israeli walichapisha mwaka 2014 uchunguzi ambao ndani yake mama alimpakata mtoto wa mtu mwingine na kumsomea kitabu huku mwanawe akitazama, kisha akamwaga maji juu ya kitabu kana kwamba ni bahati mbaya, na usomaji ukakatika. Watoto wa miaka 2 tu walionyesha furaha, wengine wakirukaruka, ingawa mama aliposoma peke yake na maji yakamwagika vile vile hawakufurahi hivyo. Na watu wazima wanaodhani wameshaiacha hisia hii husalitiwa na nyuso zao. Mina Cikara na Susan Fiske, wote wa Marekani, waliwawekea watu vipimo vya umeme kwenye msuli wa shavu unaovuta tabasamu, wakawaonyesha picha za watu wa namna mbalimbali na kuwaambia yaliyowapata, mojawapo likiwa ni kurushiwa maji machafu na teksi inayopita. Aliporushiwa mtu wa kundi linaloonewa kijicho, kama mfanyabiashara tajiri, msuli ulicheza. Nimelitaja hilo ili usijilaumu kwa tabasamu la kwanza, ambalo hukulichagua.

Lakini jina la Bwana Tangi umelichagua, na hapa nasimama upande wa mkeo. Kicheko cha usiku ule kilikuwa na mwisho wake, kwa kuwa maji yalikauka na watu wakalala. Jina halikauki. Kila mwanagenzi anapolitamka ndani ya kibanda chako nawe ukafurahi, unapewa tena ile raha ndogo bila ya jirani kufanya kosa jipya, na polepole unajizoesha kutafuta nafuu yako katika kushuka kwake badala ya katika kazi ya mikono yako. Isitoshe, wateja wako husikia. Mteja anayeletewa kejeli juu ya fundi mwingine huku akipimwa kifua na kiuno huondoka akijiuliza ni jina gani atakalopewa yeye. Waambie vijana wako waliache, na usiwape hotuba. Sema tu kwamba katika kibanda hiki fundi mwenzetu anaitwa kwa jina lake.

Katika hayo mengine, dawa ya kijicho hailali kwa jirani. Wilco van Dijk na wenzake wa Uholanzi walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wasiojithamini sana ndio walioona mafanikio ya mwenzao kuwa tishio kubwa zaidi kwao, na ndio waliofurahi zaidi alipopata pigo. Lakini walipopewa kwanza nafasi ya kufikiri juu ya mambo wanayoyathamini katika nafsi zao, furaha hiyo ilipungua. Usiyachukue hayo kama mwito wa kujisifu mbele ya kioo, kwani kujisifu kusiko na msingi hakuna tofauti na kile kilichoangusha tangi. Chukua daftari lako la vipimo, uangalie ni akina mama wangapi waliokuja kushonewa gomesi ya harusi kisha wakarudi na binti zao. Huko ndiko kipimo chako kilipo, na jirani hayumo ndani yake.

Kuhusu zile sare, usizikwepe. Niels van de Ven wa Uholanzi ametofautisha kwa miaka mingi kijicho kinachomvuta mwenzio chini na kile kinachokuvuta wewe juu, na uchunguzi wake na wenzake uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba ni kile cha kwanza tu kinachozaa furaha ya mikosi ya watu. Kinachokusukuma kutoka kimoja kwenda kingine, kwa kiasi kikubwa, ni kuamini kwamba mwenzio alikipata kihalali na kwamba nawe unaweza kukifikia. Wewe umeandika kwamba alibahatika. Inawezekana kweli, lakini inawezekana pia kwamba alipeleka sare ya mfano kwa mwalimu mkuu, akaonyesha bei ya kila kipimo kwenye karatasi, na akaahidi tarehe akaitimiza. Mwaka wa shule hapa Uganda unaanza Februari au siku chache kabla yake, kwa hiyo fundi anayekwenda kubisha hodi mwezi wa Januari amechelewa. Nenda katika muhula wa tatu, wakati walimu wakuu wanapopanga mambo ya mwaka unaofuata, nawe uwe na suruali moja na gauni moja zilizoshonwa tayari kwa kitambaa cha rangi ya shule ile. Ukinyimwa, utakuwa umejua angalau ni kwa nini, na hutamwekea jirani deni lisilo lake.

Kuhusu foleni ya bombani, mpe pole kama ungempa mtu yeyote aliyepoteza mali, kwa sentensi moja, kisha mzungumze juu ya mvua. Usiende kumwungama kwamba ulicheka. Ungamo hilo lingekupunguzia wewe mzigo na kumtwika yeye, naye kwa sasa ana tangi la kutengeneza. Kama alikusikia na akalitaja mwenyewe, usikane. Mwambie ulicheka pamoja na watu na kwamba ulinyamaza uliposikia mtoto, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mzaha juu ya tangi uachie yeye auanzishe. Akianza kujicheka, cheka naye bila woga, maana mtu akishajicheka mwenyewe watu hawabaki na la kumshusha.

Naye atalipandisha tangi lile tena, usidhani vinginevyo, na siku ya kwanza utakapoliona limesimama utachomwa moyoni kama zamani. Jambo hilo lisikutishe wala lisikufanye udhani kwamba juhudi zako zimekwenda bure. Akiyarudia maneno ya foleni, usingoje mvua nyingine ikusaidie. Mfuate jioni mkiwa wawili tu, umwambie kwamba maneno yale yanakuudhi wewe na wengine wanaobeba jerikani, kwa sababu kwa jinsi ulivyonieleza sioni kwamba kuna mtu yeyote Walukuba aliyewahi kumwambia.

Shangazi